Tiketi ya tamasha kwa picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanunuzi wa Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, matamasha nayo hushuka kusini. Mtu yuko Newala, Nachingwea au Ruangwa, onyesho liko Nangwanda Sijaona au uwanja wa Ilulu, na mwenye tiketi anajibu kwa kutuma picha na namba ya kulipia. Majibu yaliyo hapa yanahusu tiketi za karatasi peke yake, na yameandikwa kwa mtu ambaye mkononi hana kitu zaidi ya simu na hiyo picha.

Naweza kuitambua tiketi halali kwa picha tu?

Hapana. Picha inaweza kukuonyesha kwamba tiketi ni feki. Kukuhakikishia kwamba ni halali, haiwezi. Ukiona maandishi yamevurugika, namba imebandikwa juu ya mchoro, au tiketi mbili zenye namba tofauti zina mistari ileile ya bakodi, umepata jibu na unaweza kuacha kununua. Ukikosa dosari yoyote, umejua tu kwamba picha hiyo haina dosari. Tiketi inaweza kuwa halali kabisa, ikapigwa picha vizuri, kisha ikauzwa kwa watu sita.

Jambo la pili ni kwamba hakuna sura moja ya tiketi halali. Kila mwandaaji anachapisha kivyake, kwa hiyo swali lenye maana ni hili: je, inafanana na tiketi nyingine ya onyesho hilihili ambayo najua ilikotoka? Mtafute jamaa aliyenunua dukani kwenye kituo rasmi, mwombe apige picha ya yake, ukae nazo mbili. Bila tiketi ya kulinganishia, sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inabaki kuwa ya kukisia.

Inaonekana imechapwa kwa printa ya ofisini. Basi ni feki?

Si lazima. Onyesho dogo la taarabu au singeli, la watu mia tatu ukumbini, mara nyingi huchapiwa tiketi steshenari ya hapahapa mjini, kwa printa ya leza, kwenye kadi ya rangi, kisha zinagongwa mhuri. Hizo ni halali na zinaonekana hivyohivyo. Kasoro inakuja pale tiketi ya kulinganishia ilipochapwa kiwandani na hii unayoletewa ikatoka kwenye printa.

Tofauti huonekana picha ikipigwa kwa karibu. Mashine ya ofseti, ile ya kiwandani, hutengeneza rangi kwa nukta ndogo zilizopangika, samawati, waridi, njano na nyeusi, na ukikuza sehemu yenye rangi utaona nukta hizo zikijirudia kama viduara vya maua, kwa mpangilio mmoja tiketi nzima. Printa ya wino hunyunyiza: nukta zimetawanyika ovyo na kingo za herufi zina vinywele, kwa sababu wino umefuata nyuzi za karatasi. Printa ya leza huyeyusha unga wa tona juu ya karatasi. Herufi zake ni nyeusi zenye kung'aa kidogo, na pembeni mwake mara nyingi kuna vumbi la chembe zilizopotea njia. Tona pia huvunjika. Tiketi ya leza iliyokunjwa ina mstari mweupe kwenye mkunjo, pale tona ilipobanduka, na mstari huo unaonekana hata kwenye picha mbaya.

Angalia na kingo. Printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa hadi mwisho wa karatasi. Zinaacha ukingo mweupe wa milimita chache. Ikiwa tiketi halali ina rangi inayofika ukingoni pande zote, na unayouziwa ina uzi mweupe upande mmoja, aliyeikata alijitahidi lakini mkasi ulimponyoka.

Unene wa karatasi unaonekanaje kwenye picha?

Ukipigwa kutoka juu, hauonekani, na wauzaji wengi hupiga kutoka juu. Mwombe aishike tiketi kwa ncha moja, ikiwa imelala, na apige picha kutoka ubavuni. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina gramu 80 kwa mita ya mraba, na kipande cha sentimita 15 kikishikwa hivyo huinama chenyewe. Kadi ya gramu 200 au zaidi inabaki imenyooka, au inapinda kidogo sana. Huhitaji kipimo chochote. Linganisha na picha ya jamaa yako aliyeishika vilevile.

Picha ya pili ni ya mstari wa kuchania, ule unaotenganisha tiketi na kishina. Mashine hutoboa karatasi, kwa hiyo taa ikiwa nyuma utaona vitundu vinapitisha mwanga, na kishina kikishachanwa ukingo unakuwa na meno yenye nyuzi. Aliyenakili tiketi kwa skana amenakili *picha* ya vitundu: mstari wa nukta za kijivu usiopitisha mwanga hata kidogo. Nauthamini ukaguzi huu kuliko mwingine wowote wa karatasi, maana unamaliza ubishi kwa sekunde kumi na hauhitaji simu ya gharama.

Niliambiwa kuna maandishi madogo sana kwenye mstari wa chini. Siyaoni. Nimeibiwa?

Hapa watu wengi huwatuhumu wauzaji waaminifu, kwa hiyo twende taratibu.

Waandaaji wengine huweka mstari ambao kwa macho ni uzi tu, lakini chini ya lenzi ni maneno, mara nyingi jina la onyesho likijirudia. Tuseme herufi zake zina urefu wa milimita 0.2. Printa ya leza yenye nukta 600 kwa inchi huchapa nukta yenye upana wa milimita 0.04 hivi, kwa hiyo herufi nzima ingepata nukta tano kwenda juu. Nukta tano zinatosha kwa shida hata kama faili la asili lipo. Anayenakili hana faili hilo, ana skani, na skani nayo imeshapoteza kitu. Kinachotoka ni uzi wa kijivu, au vidonge vyeusi vilivyoshikana. Hiyo ndiyo kazi ya maandishi hayo, na yanaifanya vizuri.

Sasa rudi kwenye picha uliyotumiwa. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza, mara nyingi hadi pikseli 1600 hivi upande mrefu. Tiketi ya milimita 150 ikijaza picha yote, unapata karibu pikseli 11 kwa kila milimita, na herufi ya milimita 0.2 inapata pikseli mbili. Hakuna jicho linalosoma herufi ya pikseli mbili. Tiketi halali na feki zitaonekana sawasawa, uzi mtupu. Kwa hiyo usipoyaona maandishi kwenye picha ya namna hii, hujajua lolote.

Ili yasomeke, kila herufi inahitaji pikseli kumi hivi. Kamera ya simu yenye megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000. Ikipigwa nusu ya tiketi tu, milimita 75, unapata pikseli 53 kwa milimita, na herufi yetu inafika pikseli kumi. Muuzaji apige hivyo, mchana, karibu na dirisha, simu ikiwa imeegemea kitu isitikisike. Asiisogeze simu mpaka ikaribie kugusa karatasi, kwa kuwa kamera nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho karibu mno, na picha itakuwa ukungu mtupu. Kisha aitume kama faili, upande wa hati, si kama picha. Ukiipokea, fungua taarifa zake. Ukikuta 1600 kwa 1200, imeshapunguzwa, irudiwe.

Picha nzuri ikifika, usiishie kutafuta kama maneno yapo. Tazama mstari wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Uchapaji wa kiwandani ukiwa hafifu, huwa hafifu kwa usawa, na herufi zinabaki na umbo lake hata kama wino umejaa ndani ya A na O. Nakala hubadilikabadilika: neno hili linakaribia kusomeka, linalofuata ni doa, baada yake ni mstari mkavu.

Bakodi imekaa kando kidogo ukilinganisha na ya jamaa yangu. Hiyo ni dalili mbaya?

Inategemea imesogea kiasi gani. Kusogea *kidogo* ni dalili njema kuliko kufanana kupita kiasi.

Tiketi nyingi za kiwandani huchapwa mara mbili. Kwanza mchoro, picha ya msanii na majina ya wadhamini, maelfu kwa mara moja, zote zikiwa sawa. Kisha karatasi inapita kwenye mashine nyingine inayoweka vitu vinavyobadilika kwa kila tiketi: namba na bakodi. Karatasi haiingii mashine ya pili kwenye nafasi ileile kabisa kila mara, kwa hiyo bakodi hucheza juu ya mchoro, nusu milimita huku, milimita moja kule. Mwenye tiketi tatu halali akiziweka pamoja ataona mchezo huo.

Anayenakili huchapa kila kitu kwa mkupuo mmoja. Bakodi yake imeganda juu ya mchoro, mahali palepale, kwa kila nakala. Tena, kama ametumia printa ya rangi, mistari ya bakodi ambayo kwenye tiketi halali ni nyeusi ya wino mmoja, kwake huenda ikawa nyeusi iliyochanganywa rangi, na ukiikuza utaona uzi wa waridi au samawati kwenye kingo za mistari.

Kusogea kukizidi, hadithi inabadilika. Bakodi ya mistari inahitaji nafasi tupu kila upande, kwa kawaida mara kumi ya upana wa mstari mwembamba kuliko yote, yaani milimita 3 na kidogo kama mstari huo ni milimita 0.33. Msimbo wa mraba wa QR unahitaji nafasi ya vijiraba vinne kuuzunguka. Mchapaji anayejua kazi hairuhusu bakodi iingie kwenye picha ya msanii au ikatwe na mstari wa kuchania, kwa sababu skana ya getini itagoma na foleni itamshukia yeye. Ukiona hivyo, na ya jamaa yako haiko hivyo, uliza.

Nimetumiwa picha za tiketi tatu kwa pamoja. Nianzie wapi?

Tatu ni bahati, maana sasa unaweza kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Tuchukue mfano kamili.

Mama mmoja wa Masasi anataka tiketi tatu za onyesho la Mtwara mjini, kila moja shilingi 20,000. Muuzaji anatuma picha ya tiketi zimepangwa mezani: 00518, 00519 na 00520. Mpwa wake ana tiketi aliyonunua kituoni, namba 00412, na ameipiga picha.

Kwa haraka zote zinafanana. Mchoro ni uleule, rangi zimepauka kidogo kwenye zile tatu, lakini mwanga wa chumbani hufanya hivyo, kwa hiyo rangi tunaiacha. Tunakuza kona ya juu kulia ya 00518. Kuna doa dogo jeusi kwenye anga la picha. Kwenye 00519 doa hilo lipo, mahali palepale. Kwenye 00520 lipo pia. Kwenye ya mpwa halipo. Doa lililorudiwa hivyo laweza kuwa uchafu uliokuwa kwenye bamba la kiwandani siku hiyo, kwa hiyo ni la kutia shaka, bado si hukumu. Linaweza pia kuwa uchafu wa kioo cha skana.

Tunahamia namba. Nyuma ya namba kuna mistari myembamba ya mawimbi. Kwenye tiketi ya mpwa mawimbi yanapita chini ya tarakimu bila kukatika. Kwenye 00519 na 00520 tarakimu mbili za mwisho zimekaa ndani ya kiraba ambamo mawimbi hayaonekani, na tarakimu hizo ni nene kidogo kuliko sifuri zilizotangulia. Kwenye 00518 mawimbi yanapita vizuri. Sasa picha inaanza kueleweka: tiketi moja halali imeskaniwa, na tarakimu zimebadilishwa kwa nyingine mbili.

La mwisho ni bakodi. Tunakata picha ya bakodi ya 00518, ya 00519 na ya 00520, tunazifanya ziwe na upana mmoja, tunaziweka moja chini ya nyingine. Kwenye onyesho hili tarakimu zilizo chini ya bakodi ni ileile namba ya tiketi, kwa hiyo tiketi zenye namba tofauti lazima ziwe na mistari tofauti, walau upande wa kulia zinakobadilika tarakimu za mwisho. Hizi zinalingana mstari kwa mstari, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo hakuna mjadala tena. Hata kama zote tatu zitasomeka getini, mfumo utaona namba moja. Wa kwanza ataingia, wawili watabaki nje.

Angalia kwamba hata 00518, ambayo pengine ndiyo tiketi ya kweli kati ya tatu, mama huyu hapaswi kuinunua. Anayeiuza ameshaonyesha anazalisha nakala zake, na hakuna ajuaye ni ngapi ziko mtaani Magomeni au Ligula.

Nimeisoma bakodi kwa simu yangu na imetoa namba. Si inatosha?

Haitoshi. Simu yako imesoma namba iliyoandikwa hapo, basi. Nakala ya fotokopi, hata iliyofifia, itatoa namba ileile. QR hasa imetengenezwa ivumilie uchakavu: ikiwekwa kiwango cha juu cha kujirekebisha inasomeka hata ikiharibika kwa karibu asilimia 30. Anayejua kama namba hiyo ilitolewa na haijatumika ni mfumo wa mwandaaji.

Mimi ndiye muuzaji. Nipige picha bila kufunika bakodi ili mnunuzi aamini?

Usifanye hivyo. Ukiituma wazi umegawa tiketi yako. Lakini wengi wanaofunika hufunika vibaya.

Bakodi ya mistari inabeba taarifa zake kwa upana. Kwenda juu ni marudio tu. Ukifunika nusu ya juu kwa kidole, ukanda wa milimita chache uliobaki chini bado unasomeka kamili. Funika kwa kukatisha mistari: weka kipande cha karatasi kinachosimama juu ya nusu yote ya kulia, kutoka juu hadi chini. Funika pia tarakimu zilizo chini yake, maana mwenye tarakimu anaweza kuichora bakodi upya. Kwa QR, kufunika kona hakusaidii, kwa sababu ya kule kujirekebisha. Funika zaidi ya nusu. Tumia karatasi halisi kabla ya kupiga picha. Kupaka rangi kwa kalamu ya simu si salama, kwani rangi nyingi za simu hupitisha mwanga kidogo na mtu akiongeza mwangaza wa picha mistari inarudi.

Mnunuzi naye aridhike na hilo. Nusu iliyo wazi inamtosha kuona ubora wa uchapaji.

Tiketi imefifia na ina madoa. Ni ya kukataa?

Pwani yetu ina unyevu, na karatasi huvimba, hujikunja, na wino wa printa husambaa ukiguswa na jasho. Usihukumu kwa uchakavu peke yake. Kuna pia tiketi zinazotolewa kwa mashine ya joto, karatasi ya namna ya risiti. Hizo huwa nyeusi zikiachwa juu ya dashibodi ya gari juani, na hufifia zikikaa muda mrefu. Mwenye nayo akikwaruza pembeni kwa ukucha, kwa haraka, utatokea mstari wa kijivu. Nakala iliyochapwa kwa leza kwenye karatasi ya kawaida haifanyi hivyo. Video ya sekunde tano inatosha kuonyesha.

Na ile karatasi inayong'aa rangi rangi?

Omba video, tiketi ikiinamishwa huku na huku. Ya kweli hubadilika rangi. Iliyonakiliwa ni kijivu iliyotulia.

Niombe picha zipi basi?

Nne zinatosha. Ya mbele nzima, pembeni kukiwa na kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono, ili ujue haikuchukuliwa kwenye simu ya mtu mwingine. Ya mstari wa kuchania, taa ikiwa nyuma. Ya karibu, nusu tiketi, iliyotumwa kama faili. Na moja ambayo mwanga unatoka ubavuni, chini chini, kwa tochi ya simu nyingine iliyolazwa mezani: hapo namba iliyogongwa kwa mashine huonyesha kibonyeo, na tona huonekana imeinuka juu ya karatasi.

Ukikuta mawimbi ya rangi yamepita juu ya picha nzima kama maji, hiyo imepigwa kutoka kwenye kioo cha simu au kompyuta. Hana tiketi mkononi.

Zote ziko sawa. Nilipe?

Mwambie mkutane kituoni kwa mwandaaji, au getini kabla ya foleni, tiketi isomwe kwenye mfumo, ndipo utume pesa. Kama uko mbali, mtume ndugu aliye mjini. Anayekataa hilo huku picha zake ni safi, mwache.

Nimeshalipa, nimegundua ni feki.

Hifadhi mazungumzo, picha za asili bila kuzikata, na ujumbe wa muamala wenye jina la mpokeaji. Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kulipia mara moja, kabla pesa haijatolewa kwa wakala, kisha nenda polisi. Kughushi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Mjulishe na mwandaaji namba iliyo kwenye tiketi, kwa sababu mwenye tiketi ya kweli yenye namba hiyo huenda naye hajui kwamba kuna mtu mwingine atakayefika getini nayo.